Saa 2,800 za kazi na "saa 12:00 UTC": naomba tusome pamoja masharti ya Chevening kabla sijajaza fomu

#1 Kijana_wa_Ruangwa
Wakuu, habari za leo Jumamosi, tarehe 23 Agosti 2025. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya kilimo. Nilimaliza mwaka 2023 kwa GPA ya 3.4, na kwa sasa ninajitolea kufundisha biolojia katika sekondari moja ya huku Ruangwa. Nakusudia kuomba ufadhili wa Chevening ili nikasome shahada ya uzamili Uingereza mwaka wa masomo 2026/2027. Dirisha lilifunguliwa tarehe 5 Agosti na litafungwa tarehe 7 Oktoba 2025.

Nimeyasoma masharti mara tatu na kila nikimaliza ninapata jibu tofauti. Sharti la uzoefu wa kazi linataja miaka miwili, kisha hapohapo linasema kwamba hiyo ni sawa na saa 2,800. Nimekaa na kalamu nikapata hivi. Msimu wa korosho wa 2023 na wa 2024 nilikuwa karani wa mizani katika AMCOS ya kijijini kwetu, wiki 10 kila msimu, siku sita kwa wiki na saa nane kwa siku, yaani saa 960 kwa misimu yote miwili. Kati ya Februari na Agosti 2024 nilikuwa na mkataba na shirika moja lisilo la kiserikali Lindi mjini, wiki 28 za saa 40, yaani saa 1,120. Tangu Januari mwaka huu ninafundisha siku nne kwa wiki, saa sita kwa siku, na hadi jana nimetimiza wiki 27, ambazo ni saa 648. Nikijumlisha napata saa 2,728. Nimepungukiwa na saa 72.

Lakini nilipokuwa chuoni nilifanya fildi ya wiki nane, saa 40 kwa wiki. Nikiiongeza nafika saa 3,048 na mambo yanakuwa mepesi. Je, fildi inahesabiwa? Na hiyo "saa 12:00 UTC" ya siku ya mwisho ni saa ngapi ya kwetu?

#2 Msimbati_Asili
Ndugu, usijisumbue. Miaka miwili ni miaka miwili. Ulimaliza chuo 2023 na sasa ni 2025, kwa hiyo umeshatimiza. Hizo saa ni maelezo ya ziada tu kwa watu wa Ulaya ambao hulipwa kwa saa.

Kikwazo chako mimi nakiona kwingine. GPA ya 3.4 ni daraja la pili la chini, na wao wanataka daraja la pili la juu, ambalo kwetu linaanzia 3.5. Ningekuwa wewe ningetafuta ufadhili mwingine.

#3 Mwalimu_Newala
Msimbati, umetoa hukumu mbili na zote mbili zina kasoro, ingawa ya pili umeikaribia.

Tuanze na saa. Fomu yenyewe haikuulizi ulimaliza chuo lini ili ihesabu miaka. Kwa kila kazi inakutaka uandike idadi ya wiki na wastani wa saa kwa wiki, kisha inazidisha na kujumlisha. Asili ya 2,800 ni hesabu rahisi: saa 35 kwa wiki, mara wiki 40 kwa mwaka, mara miaka miwili. Mtu aliyemaliza chuo mwaka 2019 akakaa nyumbani miaka mitano hana miaka miwili ya uzoefu mbele ya fomu ile. Kwa upande mwingine, aliyefanya kazi saa nyingi kwa wiki anaweza kufika 2,800 kabla miaka miwili ya kalenda haijaisha. Wanaohesabiwa ni waajiriwa wa muda wote, vibarua wa muda mfupi, wanaojitolea na walio katika mafunzo kazini, wanaolipwa na wasiolipwa. Kwa hiyo kujitolea kwake shuleni kunaingia bila wasiwasi.

Sasa GPA. Sharti linataka shahada itakayokuwezesha kuingia shahada ya uzamili katika chuo cha Uingereza, halafu linasema kwamba *kwa kawaida* hiyo ni sawa na daraja la pili la juu, na kwamba inaweza kutofautiana kulingana na kozi na chuo. Maneno hayo "kwa kawaida" ndiyo wengi wanayaruka. Mwamuzi wa kiwango cha kuingia ni chuo, na vyuo vingi vya kule vina ukurasa wa kila nchi unaoeleza wanavyoyapima matokeo ya nchi hiyo. Kijana afungue ukurasa wa Tanzania wa kila chuo anachokitaka kabla ya kukiandika. Akikuta vyuo vitatu vyote vimeandika 3.5, basi ataelewa kwamba tatizo lipo katika uteuzi wake wa vyuo, na bado ana muda wa kuubadilisha.

#4 Dada_wa_Mikindani
Naunga mkono bandiko namba 3, na naongeza kuhusu fildi kwa sababu lilinigusa mwenyewe. Fildi iliyo sehemu ya lazima ya shahada yako, ile ambayo usingepewa cheti bila kuifanya, usiitegemee kufikisha idadi. Maelekezo yao yanatenga mafunzo ya lazima yaliyo ndani ya kozi. Mwaka niliojaribu mimi niliiweka, fomu ikanikubalia kwa sababu fomu inajumlisha namba tu na haijui fildi ni nini. Nilijiona mjanja. Baadaye nikaelewa kwamba fomu kukubali hakumaanishi kwamba msomaji wa maombi atakubali.

Sikuitwa kwenye usaili. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ilikuwa kwa sababu ya fildi, maana hawaelezi sababu, na insha zangu pia zilikuwa za haraka mno.

#5 Baba_Zainabu
Asalaam aleikum. Binti yangu amemaliza kidato cha sita hapa Mtwara na anasubiri kujiunga na chuo. Je, hizo saa 2,800 anaweza kuzifanya katika duka langu la vifaa vya ujenzi kabla ya Oktoba?

#6 Mwalimu_Newala
Waaleikum salaam, Baba Zainabu. Ufadhili huu ni wa shahada ya uzamili, yaani mwombaji awe ameshamaliza shahada ya kwanza. Tena hata akilala dukani, kuanzia leo hadi tarehe 7 Oktoba kuna siku 45, sawa na saa 1,080 tu, usiku na mchana.

#7 Karani_wa_Ghala
Mimi nimesimamia maghala ya korosho misimu kadhaa, na nimeisoma hesabu ya Kijana nikatabasamu. Siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku, wiki 10 mfululizo? Mdogo wangu, sote tunaujua msimu. Kuna wiki wakulima wanapanga foleni na magunia mpaka usiku wa manane, na kuna wiki mizani inakaa kimya kwa sababu magunia ya kufungashia hayajafika au ghala kuu limejaa na mzigo hauondoki. Karani anacheza bao chini ya mwembe. Hizo saa za bao umeziandika?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu anayeandika saa ndiye atakayeulizwa siku ya usaili alikuwa akifanya nini.

#8 Kijana_wa_Ruangwa
Karani, umenikamata. Msimu wa 2023 wote nilifanya kazi bila kusimama, na daftari la mahudhurio lipo kwa katibu wa chama. Msimu wa 2024 kulikuwa na wiki moja nzima ambayo hatukupokea mzigo na hatukulipwa. Nikiitoa, napunguza saa 48. Jumla inakuwa 2,680, na upungufu ni saa 120.

Fildi nimeitoa kabisa. Ahsante, Dada.

#9 Ngalawa_Kuu
Nijibu la muda wa mwisho, maana naona limesahaulika. Saa 12:00 ya London ni saa sita mchana ya kule. Mwezi Oktoba London bado wako katika saa zao za kiangazi, na sisi tunawatangulia kwa saa mbili. Kwa hiyo mwisho ni saa nane mchana ya kwetu. Andika ukutani: saa nane mchana, Jumanne tarehe 7 Oktoba.

#10 Msimbati_Asili
Saa 12:00 si ndiyo saa sita usiku? Simu yangu inaonyesha 12:00 usiku. Mimi naona una siku nzima ya tarehe 7.

#11 Mama_Rondo
Naomba wote mnisikilize, kwa sababu jambo hili lilimgharimu mtoto wa dada yangu. Aliona "12:00" akaisoma kama tunavyosoma saa zetu, kwamba ni saa kumi na mbili, na kwa kuwa ni siku ya mwisho akachukulia kwamba ni saa kumi na mbili jioni. Alitoka kijijini asubuhi, akafika Lindi mjini mchana, akala, akaenda steshenari saa kumi na nusu kwa utulivu kabisa. Ukurasa ukamwambia kwamba maombi yamefungwa. Hakuwa mzembe hata kidogo. Kila kitu chake kilikuwa tayari ndani ya bahasha, na aliisoma tarehe kwa usahihi. Alikosea kuisoma saa.

#12 Mwalimu_Newala
Tumeshapata majibu matatu ya saa moja, na lililo sahihi halimo hata katika moja. Pole kwa kijana wenu, Mama Rondo.

Ngalawa amekaribia kuliko wengine, na kosa lake ni la mtu anayejua. Anasema kweli kwamba London mwanzoni mwa Oktoba inakuwa katika saa za kiangazi, na kwamba wakati huo sisi tunawatangulia kwa saa mbili. Lakini tangazo halikusema saa ya London. Limesema UTC, na UTC haisogei kiangazi wala kipupwe. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu mwaka mzima. Saa 12:00 UTC ni saa 15:00 ya kwetu, ambayo tunaiita saa tisa alasiri. Wakati huo saa ya ukutani London itakuwa inaonyesha saa 13:00.

Anayefuata hesabu ya Ngalawa atakuwa salama, kwa kuwa atawahi kwa saa moja. Anayefuata ya Msimbati amepotea. Na Msimbati, hata ingekuwa saa sita usiku, bado ungelazimika kuuliza ni usiku wa kuamkia tarehe 7 au wa kuamkia tarehe 8.

#13 Ngalawa_Kuu
Nimekubali, Mwalimu. Hata hivyo nasimamia saa nane yangu. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulisuasua nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtu anayepanga kutuma saa tisa kasoro dakika tano anaweka maisha yake mikononi mwa samaki.

#14 Karani_wa_Ghala
Kwa hiyo papa wa Msimbati sasa wanahusika na ufadhili.

#15 Shamba_la_Nachingwea
Nami nina swali kuhusu mwezi. Nilisoma makala moja mtandaoni inayosema kwamba Chevening hufungwa Novemba, na rafiki yangu aliyeomba awali ananithibitishia hivyohivyo. Ninyi mnasema Oktoba. Nani yuko sahihi?

#16 Dada_wa_Mikindani
Wote mko sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2023 ilifungwa tarehe 7 Novemba, na mwaka 2024 ikafungwa tarehe 5 Novemba. Mwaka huu ni tarehe 7 Oktoba. Makala uliyoisoma haikudanganya ilipoandikwa, ila imezeeka. Mimi siku hizi kabla ya kusoma sharti lolote naangalia kwanza mwaka wa masomo uliotajwa juu ya ukurasa. Kama hapakuandikwa 2026/2027, nafunga na kurudi kwenye tovuti yao wenyewe.

Na hilo haliishii kwenye tarehe. Rafiki yako anaweza pia kukwambia kwamba lazima uwe na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Zamani Chevening wenyewe walikuwa na sharti hilo, wakaliondoa. Lakini chuo utakachokiomba kinaweza kuwa nalo bado. Sharti limehama mlango, halikufa.

#17 Shamba_la_Nachingwea
Ahsante. Kwa hiyo nikituma maombi ya Chevening, wao ndio watanipeleka chuoni?

#18 Dada_wa_Mikindani
La. Katika fomu unataja kozi tatu, lakini kutaja si kuomba. Kila chuo unakiomba peke yako, kwa fomu yake na nyaraka zake, na kila chuo kina tarehe yake. Ukipita usaili unatakiwa kuwa na barua ya kukubaliwa bila masharti ifikapo Julai. Barua inayosema "umekubaliwa, lete kwanza matokeo ya Kiingereza" ni barua yenye masharti, na haitoshi. Nawajua wawili waliofurahia usaili kisha wakaumia Julai kwa sababu hiyo.

#19 Mpiluka_wa_Masasi
Nisamehewe kwa kutoka kidogo nje ya Uingereza, ila jambo ni lilelile. Mimi niliomba ufadhili wa Serikali ya China. Fomu yao ya uchunguzi wa afya ina uhai wa miezi sita. Mimi kwa kujiona nawahi, nikaenda hospitali Agosti, nikapimwa kila kitu, daktari akasaini, nikaiweka kabatini. Nilipofika kwenye kutuma mwezi Machi ilikuwa imeshapita miezi saba. Nilirudia vipimo vyote kwa gharama yangu, na safari ya kwenda mjini juu yake. Tangu siku ile nikiona nyaraka inayohitajika nauliza maswali mawili: inatakiwa lini, na inakufa lini.

#20 Kijana_wa_Ruangwa
Hilo limenizindua, Mpiluka. Kwa upande wangu nilikuwa nimeshaanza kukimbizana na wadhamini wawili waniandikie barua za utambulisho ili niziambatanishe sasa hivi.

#21 Mwalimu_Newala
Zungumza nao sasa, lakini usiwakimbize. Katika ufadhili huu barua mbili za wadhamini zinadaiwa kwa wale walioitwa kwenye usaili. Unachohitaji Septemba hii ni kuhakikisha kwamba watu hao wawili watakubali, kwamba baruapepe zao zinafanya kazi, na kwamba watakukumbuka vizuri.

Nakushauri usimteue katibu wa AMCOS kuwa mmoja wao kama mlikuwa mnaonana wakati wa msimu tu. Mkuu wa shule na msimamizi wako wa shirika la Lindi wanakufahamu kikazi kwa miezi mingi.

#22 Karani_wa_Ghala
Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Katibu wa AMCOS ndiye aliyemwona kijana akizuia wizi wa mizani. Mkuu wa shule amemwona akisahihisha madaftari. Kwa mtu aliyesomea kilimo na anayetaka kurudi kwenye kilimo, ushahidi wa mizani una uzito zaidi.

#23 Mwalimu_Newala
Utani wako wa mizani na uzito nimeuona, Karani. Hoja yako ina nguvu kama katibu ana baruapepe anayoifungua. Nabaki na msimamo wangu.

#24 Bundi_wa_Kilwa
Mmelipita jambo moja na mimi nalirudia. Kijana anasema alimaliza mwaka 2023. Alimaliza lini hasa? Mtihani wa mwisho huwa Julai, matokeo huthibitishwa na seneti baadaye, na mahafali huwa Novemba au Desemba. Msimu wa korosho wa 2023 ulianza Oktoba. Kwa hiyo zile wiki 10 za kwanza zimeangukia katikati: chuo kimeisha, joho halijavaliwa. Je, ni kazi ya mhitimu au ya mwanafunzi?

Niliwahi kukwama hapohapo kwa ufadhili wa DAAD wa kozi za maendeleo. Kwao uzoefu wa miaka miwili unahesabiwa baada ya shahada, na shahada yenyewe kwa kawaida isizidi umri wa miaka sita. Cheti changu kilikuwa na tarehe ya mahafali, na hati ya matokeo ilikuwa na tarehe nyingine ya nyuma. Kwa kuhesabu umri wa shahada, tarehe ya mahafali ilinifaa. Kwa kuhesabu uzoefu, ilinipunja. Huwezi kuchagua moja asubuhi na nyingine jioni.

#25 Msimbati_Asili
Bundi, hii ni Chevening, si DAAD. Usimtishe kijana.

#26 Dada_wa_Mikindani
Hajamtisha. Chevening wanazungumzia kukamilisha vipengele vyote vya shahada, na mimi naelewa kwamba mahafali si kipengele cha shahada, ni sherehe. Kwa uelewa huo, aliyemaliza mitihani na kazi zote Julai amekamilisha.

#27 Bundi_wa_Kilwa
Nami naelewa kwamba shahada hukamilika pale seneti inapoidhinisha, si pale unapoweka kalamu chini. Mwanafunzi anaweza kumaliza mtihani Julai na kukuta Septemba kwamba ana somo la kurudia.

#28 Mwalimu_Newala
Katika hili sina neno la mwisho, na kila mmoja wenu ana hoja. Kwa Kijana ningefanya hivi: aandikie chuo chake apate tarehe ya kuidhinishwa kwa matokeo. Kama iko kabla ya Oktoba 2023, mabishano yenu yanakufa yenyewe. Kama iko baada, aangalie ni wiki ngapi zinaning'inia, ili ajue ukubwa wa hatari anayoibeba.

#29 Mama_Rondo
Na majina je? Kijana wetu yule, mwaka uliofuata alipojaribu tena, cheti cha kuzaliwa kilisema Saidi, cheti cha kidato cha nne kikasema Said, na NIDA wakaandika jina la babu mahali pa jina la baba.

#30 Dada_wa_Mikindani
Mama, la majina lina uzi wake mrefu. Kwa ufupi: ajaze fomu kama jina lilivyo katika pasipoti. Kama vyeti vinatofautiana na pasipoti, kiapo mbele ya wakili kinaeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na hati ya kubadili jina ni ya mtu anayeliacha jina la zamani. Watu wengi wanabadili jina kisheria wakati walichohitaji ni kiapo tu, kisha wanaanza kukimbizana na vyeti vyote upya.

#31 Kijana_wa_Ruangwa
Nimerudi na hesabu mpya, naomba mniangalizie. Upungufu ni saa 120. Ninafundisha saa 24 kwa wiki, kwa hiyo nahitaji wiki tano kamili za shule. Tukianza Jumatatu hii tuna wiki mbili za masomo, kisha shule inafunga likizo fupi, kisha tunarudi Jumatatu ya tarehe 15 Septemba na kupata wiki tatu zinazoishia Ijumaa ya tarehe 3 Oktoba. Mbili na tatu ni tano. Tano mara 24 ni 120. Nitakuwa nimefika saa 2,800 kamili siku nne kabla ya kufungwa.

#32 Karani_wa_Ghala
Kamili kama gunia lililopimwa na karani mwenyewe. Unafundisha siku zipi?

#33 Kijana_wa_Ruangwa
Jumanne hadi Ijumaa.

#34 Karani_wa_Ghala
Maulidi yanaangukia mwanzoni mwa Septemba, na kalenda inaonyesha Ijumaa. Saa sita zako zimekwenda na pilau.

#35 Kijana_wa_Ruangwa
Subhana Allah. Sikuliona kabisa.

#36 Mwalimu_Newala
Ndiyo sababu haifai kupanga kufika 2,800 barabara. Homa ya siku moja inakutoa. Usijaribiwe kutuma fomu mapema ukiwa umeandika saa ambazo bado hujazifanya. Saa ziwe zimetimia siku unayobonyeza kutuma. Insha, kozi na maelezo mengine yamalizie mapema na uyahifadhi, kisha ile sehemu ya kazi uirekebishe mwishoni.

Huko kwenu hakuna masomo ya ziada ya Jumamosi kwa kidato cha nne? Mtihani wao wa taifa ni Novemba.

#37 Kijana_wa_Ruangwa
Yapo, saa nne kila Jumamosi, na mwalimu wa kemia analalamika kwamba amechoka kuyabeba peke yake. Nimemwandikia mkuu wa shule sasa hivi. Nikipewa Jumamosi tano hizo za masomo nitapata saa 20, nitoe sita za Maulidi, nibaki na ziada ya 14. Kuhusu tarehe ya seneti, Jumatatu nitapiga simu ofisi ya usajili. Simu ya mezani imewekwa kwenye uzi wa wahitimu, ila wanasema haipokelewi baada ya saa sita mchana.

#38 Bundi_wa_Kilwa
Saa sita ya wapi?

#39 Baba_Zainabu
Nimeelewa la uzamili, ahsanteni. Je, binti akisoma shahada ya kwanza hapa nchini huku akinisaidia dukani Jumamosi na Jumapili, zile saa zitahesabiwa akimaliza, au nazo zitaitwa fildi?

#40 Dada_wa_Mikindani
Si fildi, Baba, kwa kuwa duka lako halimo katika mtaala wake. Ila bishano la Bundi la kabla na baada ya shahada litamngojea hapohapo. Mwandikieni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na daftari la mahudhurio lisiwe lile la madeni.